Mende, friji na kitanda cha binti: shajara ya miezi sita, Temeke

12 Mei 2024: tulipoanzia

Mimi ni fundi friji. Tunaishi chumba na sebule katika nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati, choo na bafu viko uani. Sisi wazazi na mtoto wetu mdogo tunalala chumbani. Binti yetu wa miaka 7 analala sebuleni na kaka yake, na sebule hiyohiyo ndiyo jiko: mtungi wa gesi, kabati la vyombo na friji. Kutoka kwenye friji hadi kwenye mto wa binti ni hatua tatu.

Ana pumu tangu akiwa na miaka 4. Ana pampu mbili, ya bluu ya kumfungua akibanwa na ya kahawia ya kila siku. Mwaka huu kikohozi cha usiku kimezidi. Daktari wa kliniki akauliza, "Baba, nyumbani kuna mende?" Nikacheka. Ni sawa na kuuliza kama Temeke kuna vumbi. Hakucheka. Akasema tatizo si mende akikatiza ukutani, ni anachokiacha: kinyesi, mate, na maganda anayovua kila anapokua. Vikikauka vinasagika vikawa vumbi, mtoto analivuta, na kama mwili wake una mzio na protini zilizomo, njia za hewa zinavimba na kubana.

Kazi ya kwanza haikugharimu kitu. Nimebandika kalenda ukutani, na kila siku anayokohoa usiku, anayolia filimbi kifuani au kushindwa kucheza naweka alama. Nahesabu kwa wiki mbili mbili. Kuanzia leo hadi tarehe 25 ndiyo hesabu ya mwanzo.

26 Mei: kosa la kwanza, tena la haraka

Hesabu ya mwanzo: siku 9 kati ya 14. Ila nimeichafua mwenyewe.

Tarehe 18 nilinunua makopo mawili ya dawa ya kupuliza (shilingi 14,000) nikapuliza sebule nzima jioni, nikafunga mlango kwa saa mbili, kisha nikafungua madirisha. Asubuhi nilizoa mende waliokufa kama sitini. Nilijiona shujaa hadi saa nane usiku uliofuata, binti alipobanwa hadi tukatumia pampu ya bluu mara tatu. Harufu yenyewe ya dawa hizi inawasha njia za hewa za mwenye pumu, hata kama imepungua puani kwako. La pili nililiona baada ya siku mbili: mende wakatokea chumbani kwetu, mahali ambapo hatukuwahi kuwaona. Dawa hizi huwafukuza wale ambao hazikuwagusa, wakajigawa nyumba nzima. La tatu, mende waliokufa nyuma ya kabati niliwaacha hapohapo. Mende mfu anaendelea kutoa vumbi lilelile.

Ile chaki ya mende ya mtaani sijaigusa, na unga usio na lebo unaofungwa kwenye karatasi za daftari siutaki ndani kwangu kabisa.

8 Juni: kipimo cha ngozi

Kabla ya kutumia hela zaidi nilitaka kujua kama kweli mende wanamhusu binti yangu. Si kila mwenye pumu ana mzio na mende, na kama hana, kazi yote hii haitamsaidia kifua.

Tulienda mara mbili. Safari ya kwanza, tarehe 29 Mei, tulirudishwa kwa sababu alikuwa anakunywa dawa ya mafua na muwasho, zile za mzio. Dawa hizo huzima majibu ya ngozi, lazima ziachwe siku kadhaa kabla ya kupima. Hakuna aliyetuambia. Uliza mapema, okoa nauli. (Pampu haziachwi.)

Leo wamemdondoshea matone mkononi, wakachoma juujuu kila tone kwa kijisindano, tukasubiri dakika 15. Tone la maji ya chumvi halikufanya kitu, na hivyo ndivyo linavyotakiwa. Tone la mende limetoa kinundu cha milimita 6, la utitiri wa vumbi milimita 4, paka hakuna. Kinundu kinachozidi kile cha maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi ndicho kinachohesabiwa. Kwa hiyo ana mzio na mende na pia na utitiri, yule mdudu asiyeonekana wa kwenye magodoro. Hilo la pili litanisumbua baadaye kwenye kusoma matokeo.

Daktari alitueleza utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1997, uliofanywa kwa watoto 476 wenye pumu katika mitaa ya kimaskini ya miji 8. Zaidi ya theluthi moja walikuwa na mzio na mende, na nusu ya vyumba vya kulala vilikuwa na kiwango kikubwa cha vumbi lao. Mtoto aliyekuwa na vyote viwili, mzio na vumbi jingi chumbani, alilazwa hospitali takriban mara tatu zaidi ya wengine. Mwenye kimoja tu hakuwa na tofauti hiyo. Hapo linazungumziwa vumbi la chumba cha kulala. Kwetu jiko na kitanda vinatazamana.

Kipimo na nauli za safari mbili: 68,000.

Jambo jingine la siku hiyo, na naliandika ili nisijidanganye mbele ya safari: nesi alimwangalia binti akivuta pampu akaona nusu ya dawa inaishia mdomoni. Akatuonyesha kutoboa kitako cha chupa ya maji ya nusu lita, tundu la kutosha mdomo wa pampu, kuziba pembeni kwa gundi na solotepu, kisha mtoto anapumua polepole kwenye mdomo wa chupa. Kuanzia leo anatumia hiyo. Akipata nafuu, sehemu ya sifa ni ya chupa.

16 Juni: kuwahesabu na kuweka jeli

Niliweka mitego sita ya kadi zilizopakwa gundi ya panya (6,000), usiku tatu, pembeni ya kuta kwa sababu mende hutembea akigusa kitu ubavuni. Jumla 74: nyuma ya friji 41, chini ya jiko la gesi 19, kwenye kabati 8, chini ya kitanda cha binti 5, koridoni 1. Karibu wote ni wale wadogo wa kahawia wenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, wanaoitwa mende wa Kijerumani. Wale wakubwa wekundu wa chooni nao huleta mzio, ila wanakaa zaidi kwenye mashimo na hawazai kwa kasi hii.

Hao 41 wa nyuma ya friji hawakunishangaza. Friji ya kawaida ina kisinia juu ya kompresa kinachopokea maji ya barafu iliyoyeyuka, na joto la kompresa huyakausha. Kwa hiyo pale pana joto, maji na giza, masaa 24. Nimefungua mamia ya friji za watu na sikumbuki nyingi zilizokuwa safi hapo. Yangu sikuwahi kuifungua.

Nikachomoa umeme, nikatoa kisinia, nikakuta tabaka jeusi kama pilipili manga iliyosagwa, na ndani yake maganda meupe yasiyo na idadi. Mende mmoja hujivua mara sita hivi kabla ya kukomaa, kwa hiyo maganda ni mengi kuliko mende wenyewe. Sikufagia. Nililowanisha kwanza kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, nikafuta, nikatia vitambaa kwenye mfuko na kuufunga.

Kisha jeli ya chambo yenye fipronili, mirija miwili, 24,000. Sababu ya kuchagua jeli na si dawa ya kupuliza ni kwamba haina harufu wala haielei hewani, na mende anaila kisha anaenda kufia tunduni. Watoto wa mende hawatoki mbali, hula kinyesi na mizoga ya wakubwa, na sumu inawafikia huko. Niliweka mafungu matano makubwa, kila moja kama ncha ya kidole gumba, mahali ambapo nilikuwa nawaona wakipita.

7 Julai: jeli "haifanyi kazi"

Mitego ya wiki tatu baadaye: 52. Nilikaribia kumlaumu muuza dawa. Nikapiga magoti na tochi, nikakuta mafungu yangu yamekauka juu kama gundi ya viatu, mawili hayajaguswa kabisa.

Makosa yalikuwa matatu, yote yangu. Mawili yasiyoguswa yalikuwa juu ya kuta nilizopulizia dawa mwezi Mei, na mabaki yake bado yanawafukuza. Pili, chini ya jiko kulikuwa na mafuta ya maandazi yaliyoganda kwa miaka, nani ataacha pilau ale jeli? Tatu, fungu kubwa ni hasara, linakauka kabla halijaliwa, na mende anataka kulikuta njiani, hatembei kulitafuta.

Marekebisho: nimeosha kuta kwa maji ya sabuni, nimekwangua mafuta yote, vyombo havilali na uchafu tena, ndoo ya maji ina mfuniko. Kisha mrija mpya (12,000), safari hii matone madogo kama punje ya dengu, zaidi ya 30: ndani ya bawaba za kabati, kwenye kona za friji karibu na kompresa, chini ya fremu ya jiko, kwenye nyufa za fremu ya mlango. Yote mahali ambapo kidole cha mdogo wao wa miaka miwili hakifiki. Nimeziba tundu la bomba linaloingia kutoka uani na nyufa za ukutani kwa silikoni na sementi (10,000).

Korido ni ya wote, hivyo nilizungumza na mama mwenye nyumba. Akasema, "Baba fulani, mende wamekuwepo kabla sijaolewa." Lakini aliitisha kikao cha wapangaji, na vyumba vitatu kati ya vinne vilivyobaki vikachanga kununua jeli yao. Chumba kilichokataa ndicho kinachopakana na ukuta wetu wa friji. Ndiyo maisha.

21 Julai: mende wamekwisha, kikohozi kipo

Mitego: 9. Kutoka 74. Usiku unawasha taa huoni kitu.

Kalenda: siku 8 kati ya 14. Mwanzo ilikuwa 9.

Hii ndiyo sehemu ninayotaka anayefuata aisome mara mbili. Kuua mende hakuondoi walichokwisha kukiacha. Protini zile ni ngumu, zinakaa kwenye vumbi miezi mingi baada ya mende wa mwisho kufa. Tena vumbi hilo ni zito, halielei kama la paka: ukilitimua linapanda, na chumba kikitulia linarudi chini muda si mrefu. Ndiyo maana feni au mashine ya kusafisha hewa haitasaidia sana. Mtoto analivuta pale anapolitimua mwenyewe, akijitupa kitandani, akipiga mto, akivuta boksi kutoka uvunguni.

Na uvunguni mwa kitanda cha binti kulikuwa na maboksi manne: vitabu vya shule, nguo za sikukuu, na mawili ya vipuri vyangu. Mende hupenda boksi la karatasi. Lina vijia ndani ya kuta zake, na gundi yake inalika.

28 Julai: kitanda

Watoto tuliwapeleka kwa bibi yao Mbagala kuanzia Ijumaa hadi Jumapili. Bila hilo usianze, kazi hii inatimua zaidi ya inavyotoa mwanzoni.

Jumamosi nilikosea tena. Rafiki anayeosha magari aliniazima mashine ya kufyonza vumbi. Inavuta vizuri, lakini haina kichujio cha vumbi laini, kwa hiyo iliyachukua maganda makubwa na kuupuliza unga mwembamba nyuma yake. Niliona kwenye mwanga wa dirisha: moshi mtupu. Mke wangu, ambaye hana pumu, alikohoa akatoka nje. Tukazima, tukafunga chumba, tukaacha kitulie hadi asubuhi.

Jumapili tukarudia kwa vitambaa. Ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni ya unga, nyingine ya kusuuzia. Unalowanisha, unakamua, unafuta upande mmoja kwenda mbele, unakunja upate upande safi, unasuuza. Tulianza juu: fremu ya dirisha, nyuma ya saa ya ukutani (mende walikuwa wamejenga huko), nyuma ya kalenda, waya za taa, kisha kitanda chenyewe. Kitanda ni cha mbao, na kwenye viungo vya chaga nilikwangua kinyesi kwa bisibisi iliyofungwa kitambaa chenye maji. Maji ya ndoo ya kwanza yalitoka rangi ya chai ya rangi, tukabadilisha mara saba. Klorini hatukutumia. Kinachotakiwa ni kuyaondoa mabaki, na sabuni inatosha, wakati harufu ya klorini ndani ya chumba kimoja ni kichokoo kingine cha pumu.

Maboksi yote tuliyachoma uani. Vitabu tulivifuta kimoja kimoja. Sasa kuna makontena matatu ya plastiki yenye mifuniko (45,000). Godoro limepigwa jua, limefutwa, limevikwa kava la zipu la nailoni (40,000), ambalo linazuia utitiri pia. Mapazia, shuka na neti vimefuliwa. Barakoa, glavu na vitambaa: 7,000.

Utaratibu wa kila wiki sasa: kufuta kwa kitambaa kibichi badala ya ufagio wa chelewa, binti akiwa shule.

18 Agosti

Wiki mbili zilizoishia leo: siku 4 kati ya 14. Mitego: 3. Pampu ya bluu imetumika mara mbili. Sina la kuongeza.

15 Septemba: mwizi ni mimi

Siku 7. Mitego 17, na 14 kati yake kwenye mtego mmoja, ulio chini ya rafu ninapoweka begi la kazi. Karibu wote wadogo kuliko punje ya mchele, yaani wametoka tu kuanguliwa.

Nilidhani ni chumba jirani. Mke wangu akaniambia, "Fungua begi lako kwanza." Ndani ya kiboksi cha thermostati niliyoitoa kwenye friji ya mteja kulikuwa na kifuko cha mayai kilichopasuka. Kifuko kimoja cha mende hawa kina mayai 30 hadi 40, na jike hukibeba mkiani hadi karibu na kuanguliwa, kwa hiyo jike mmoja tu aliyelala kwenye kipuri ameingia nacho mlangoni. Miaka yote hii nimekuwa nikiwaletea wanangu mende kutoka kwenye friji za Temeke nzima.

Tangu leo hakuna kipuri kinacholala ndani. Begi linabaki uani kwenye ndoo yenye mfuniko, na friji ya mteja haivuki kizingiti hata kwa usiku mmoja. Nimeongeza matone kumi ya jeli kwenye rafu kutoka kwenye mrija uliobaki, nitaongeza tena baada ya wiki nne kuwapata watakaoanguliwa baadaye. Rafu nimeifuta, mara mbili.

10 Novemba

Wiki mbili hizi: siku 2 kati ya 14. Zilizotangulia: 3. Mitego imekaa usiku tatu, imekamata mmoja, koridoni. Chumba kilichokataa jeli kimeomba nikiwekee.

Jumla ya matumizi: 226,000. Ndani yake 14,000 za makopo na nauli ya safari ya kwanza zilipotea bure. Kipimo ndicho kilichokula zaidi, na bado ningeanza nacho.

Siwezi kusema ni nini hasa kimemsaidia. Jeli, vitambaa, kava la godoro na chupa ya pampu vimekuja karibu pamoja, na utitiri nao umo. Ninachokiona kwenye kalenda ni kwamba alama zilishuka baada ya kitanda kusafishwa, zikapanda begi langu lilipoleta mende, zikashuka tena, na chupa ilikuwa ileile muda wote. Mwenye hela ya kitu kimoja tu aanze na jeli: huko New Orleans, Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliweka chambo tu majumbani bila usafi wowote maalumu, na watoto walipungukiwa dalili katika mwaka huo. Mimi kwa wiki tano sikuona hivyo, lakini wao walisubiri miezi 12, na nyumba zao huenda hazina maboksi ya fundi friji uvunguni.

Pampu ya kahawia inaendelea kila siku. Daktari ataamua Januari kama dozi ipunguzwe, si mimi na kalenda yangu. Mitego ijayo ni Desemba, kabla ya watu wa sikukuu na maboksi yao hawajafika.